Mstari wa Tano Hausomwi

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya kifundo cha kidole kikigonga meza ya mbao. Ngo. Mwalimu wetu wa Kihispania aligonga mara moja kwa kila neno, na sisi tukaitikia kwa pamoja, kama watoto wa chuoni wanavyosomeshwa juzuu. Hice, ngo. Hiciste, ngo. Hizo, ngo. Hicimos, ngo. Kisha aligonga tena na sisi sote tukanyamaza. Ngo, peke yake, bila neno. Halafu tukamalizia: hicieron, ngo.

Ile ngo ya katikati, ile isiyokuwa na neno, ndiyo iliyobaki masikioni mwangu kuliko maneno yenyewe.

Ilikuwa na sababu yake. Karatasi tulizokuwa tukijaza, tukiziita fisha kama wanavyoziita mashuleni kwetu, zilitolewa nakala kutoka kitabu cha Uhispania. Katika kitabu hicho kila kitenzi kina mistari sita: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Lakini mwalimu alisomea Kuba, alipelekwa huko na serikali akiwa kijana mdogo wa hapa hapa Cabo Delgado, na huko Kuba ule mstari wa tano hawautumii. Ninyi wanaisema kwa namna nyingine, wanaichukua kwenye mstari wa wao. Basi kila fisha ilipofika mezani kwetu, mstari wa tano ulikuwa umeshapigwa rula, umekatwa.

"Hawa hawapo," alisema siku ya kwanza. "Mkiwakuta Uhispania, wasalimieni. Hapa tunawaruka."

"Sasa kwa nini unawagongea, mwalimu?" mmoja akauliza.

"Ili mdundo usivunjike. Nikiwaruka na kidole pia, mtapotea."

Hii ilikuwa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini na mji ukajaa watu ambao hatukuwajua. Helikopta zilipita juu ya mapaa ya makuti, magari meupe yalipanda na kushuka, na kila mwenye kiwanja aliambiwa asiuze upesi. Nyumba ya wageni ilijengwa kwa makontena kwenye barabara ya kutokea mjini. Tukasikia watakaolala humo ni mafundi wa kuchomelea mabomba, wanatoka nchi za Kihispania, na kwamba msimamizi wa usafi ni mama wa huko huko Amerika ya Kusini, Kireno chake cha kuokoteza. Akataka wanawake wa hapa wanaoweza kuandika taarifa ya zamu kwa lugha yake: nilifanya nini, nilikosa nini, mgeni alisema nini. Ndipo wakamtafuta mwalimu, wakatupa stoo moja ya mabati iwe darasa, na tangazo likabandikwa kwenye mlango wa duka la mashine za kutoa nakala.

Mimi shule niliachia njiani. Kireno changu kilikuwa cha sokoni na cha ofisini pa serikali, cha kuomba na kuitikia tu. Nilikwenda kujiandikisha kwa sababu moja, na kila mtu wa darasani aliijua, maana sijui kuficha. Mama yangu alikuwa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma. Alikwenda kumuuguza bibi, akamchukua na mdogo wangu, mimi nikabaki nikae na nyumba, kwa sababu wakati ule nyumba isiyokuwa na mtu ilikuwa inaulizwauliza ni ya nani. Wakati wa kuagana mama aliniambia, huku anafunga mzigo: "Ukipata kazi ya kueleweka, tutarudi sote, na bibi tutamleta. Bila kazi, tutarudi kula nini?" Nililishika neno hilo kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani.

Basi nikaingia darasani nikiwa na furaha zangu zote. Mimi ni mtu wa kuota. Nikipika chai nilikuwa nimeshamwona mama amekaa kwenye kigoda chake, bibi anakohoa chumba cha ndani, mdogo wangu anamwaga sukari. Nilikuwa nikifagia na uwanja wa mbele vizuri, kama wanafika jioni hiyo.

Darasani tulikuwa wanawake tu. Niliyekaa naye alikuwa Mmakonde wa Mueda, Mkristo, alikuwa amemfuata kaka yake aliyekuja kuchimba misingi. Alikuwa amefika darasa la kumi na Kireno kilimtoka kama maji. Hicho Kireno ndicho kilichomtesa. Vitenzi vya kwanza, vile vinavyokwenda sawa, vilimpita bila shida. Lakini tulipofika kwenye fisha ya mashina yanayobadilika, mkono wake ukawa unakwenda wenyewe. Mahali pa kuandika tuve anaandika tive. Mahali pa hice anaandika fiz. Mahali pa dije, disse.

Mwalimu akachukua fisha yake, akaitazama, akaiweka chini polepole.

"Binti wa Mueda. Umevua ndala mlangoni?"

"Nimevua, mwalimu."

"Na Kireno ungekiacha hapo hapo, karibu na ndala. Ukitoka utakikuta, hakuna atakayekuibia."

Tulicheka mpaka bati likaitikia. Wa Mueda mwenyewe alicheka, akanifinya paja chini ya meza kwa kuwa mimi nilicheka zaidi.

Fisha yenyewe ilikuwa hivi. Kushoto kitenzi kizima: hacer, tener, decir, venir, traer, yaani kufanya, kuwa na kitu, kusema, kuja, kuleta. Pembeni yake kisanduku cha kuandikia shina jipya, kwa sababu vitenzi hivi vikienda jana vinaacha shina la nyumbani na kuvaa jingine. Hacer anakuwa hic, tener anakuwa tuv, decir anakuwa dij, venir anakuwa vin, traer anakuwa traj. Kisha vyote vinashika mikia ile ile. Na mkia haubebi alama juu yake. Vile vitenzi vya kawaida vina kialama mwishoni, hablé, comí, sauti inapanda mwisho. Hivi vya kwetu sauti inakaa mbele, hice, tuve, dije, na mwisho unashuka kimya. Aliyeweka kialama alipigwa duara jekundu.

Tena kuna mawili ya kuangalia kwenye kuandika. Kwenye mstari wa yeye, hic haiwezi kuishia na c mbele ya o, itasomeka kama k. Basi c inatoka inaingia z, hizo. Mimi neno hilo lilinichekesha, nililisoma kwa Kiswahili kila mara, nikaona kama mwalimu anatuonyesha vitu juu ya meza. La pili ni kwenye mstari wa wao: shina likiishia na j, ile i ya mkia inadondoka. Dijeron, trajeron. Lakini vinieron na tuvieron zinabaki nayo. Hapo wengi walianguka. Mimi nilishika kwa kuimba, maana kwa kusoma kwa macho sikuwa hodari. Nilikuwa nikitwanga huku naimba, nikianika nguo naimba. Nikifika pale katikati nilipiga ulimi tu, kwa heshima ya wale wasiokuwepo.

Chini ya fisha ndipo palipokuwa na shida yangu. Palikuwa na neno Ayer, jana, na mistari mitupu. Mwalimu alitaka sentensi tano, kila kitenzi kipate yake, za mambo ya jana ya mwandikaji mwenyewe.

"Msiandike Pedro wala María," alisema. "Pedro haendi kufanya zamu. Andikeni mlivyofanya ninyi."

Wenzangu waliandika mpaka wakakosa nafasi. Mmoja mtoto wake alikuwa na homa, mwingine shemeji yake alikuja na kaa, mwingine mume alisema neno akajibiwa. Mimi nilikaa na kalamu. Niliandika: Ayer hice arroz. Jana nilipika wali. Ayer no tuve visita. Jana sikupata mgeni. Nikafika kwenye dije nikafikiri jana nilisema nini, na kwa nani. Nikajikuta sikumbuki. Nilikuwa nimemwambia mwenye duka "kiberiti", lakini kiberiti nilikionyesha kwa kidole, sijui hata kama nilitamka. Nikaandika: Ayer no dije nada. No vino nadie. Nadie trajo nada. Jana sikusema kitu. Hakuja mtu. Hakuna aliyeleta kitu.

Fisha ilirudi imejaa alama za vema. Hapakuwa na duara jekundu hata moja. Ndiyo mara yangu ya kwanza katika maisha kupata karatasi safi namna ile, na nilipoisoma tena nilisikia baridi, kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa sahihi.

Chini mwalimu alikuwa ameandika kwa Kireno: Vizuri. Safari ijayo bila "no" na bila "nadie".

Nadhani alitaka tu tujizoeze sentensi za kukubali. Au aliona. Sikumuuliza.

Fisha iliyofuata ilikuwa na vitenzi vile vile, na mimi nikakaa nayo nyumbani, kwenye mkeka, mlango wazi ili mwanga uingie. Venir alitaka mtu aje. Traer alitaka aliyekuja awe amebeba kitu. Decir alitaka kinywa cha pili. Nilipiga hesabu ya jana yangu na hapakuwa na wa kumweka hapo. Sasa nifanyeje, nimkodi mtu? Nikamwandika mama.

Anteayer vino mi madre, niliandika. Juzi mama yangu alikuja. Trajo pescado seco. Alileta samaki mkavu. Hizo pan. Aliandaa mikate. Me dijo: estás flaca. Aliniambia: umekonda. Tuve mucha alegría. Nilipata furaha nyingi.

Kalamu haikusita hata mara moja. Ile "umekonda" niliisikia kabisa, kwa sauti yake, anavyoivuta. Nilipomaliza niliinuka nikaenda kuandaa chai, na bila kufikiri nikatoa vikombe viwili.

Jumamosi mwalimu alisoma fisha zilizompendeza, na yangu ilikuwa ya kwanza. Aliisoma vizuri, kwa ile namna yao ya Kuba ya kumeza herufi za mwisho. "Vino, trajo, hizo, dijo, tuve," akahesabu kwa vidole. "Zote zimekaa mahali pake. Mmesikia?" Wenzangu walinigeukia wakatabasamu, wa Mueda akanishika mkono akaubana. Nikaona wanafurahia Kihispania changu. Nikatoka pale nikiwa na kichwa kikubwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, nami Jumatatu nilikuwa na miadi ya kuhojiwa na yule mama msimamizi. Alasiri nilikuwa uani nakuna nazi. Nikasikia hodi, tena hodi ya watu wengi.

Nilitoka na mbuzi ya nazi mkononi. Walikuwa wanne wa darasani, wameoga, wamejifunga kanga mpya mpya. Mmoja amebeba mihogo kichwani, mmoja nazi mbili, mmoja wali kwenye sinia uliofunikwa kawa. Wa Mueda, aliyekuwa mgeni wa desturi zetu kidogo, alikuwa ameuliza watu wanabeba nini, kisha akaleta zaidi ya wote: bakuli la udongo la kwao, lenye mchuzi wa kuku wa karanga, limefungwa kwa kitambaa.

"Karibuni," nikasema. "Kuna nini?"

"Tabu hii," akasema yule mkubwa wao, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita shangazi. "Anapokea wageni na mbuzi mkononi. Mama yuko wapi tumpe mkono wa safari?"

"Mama gani?"

"Mama yako, shoga. Au amelala? Mwache alale, safari ya Mtwara si mchezo. Tutasubiri."

Nilisimama pale pale. Kwetu mtu akirudi safari majirani huja kumsalimu, na hawaji mikono mitupu, wala hawaalikwi. Wao walikuwa wamesikia kwamba mgeni amefika, wakafanya linalofanywa. Ingekuwa aibu kwao kukaa siku mbili bila kuja.

"Mama yuko Mtwara," nikasema.

"Amesharudi tena?"

"Hajaja."

Wakatazamana. Shangazi akatua sinia kwenye baraza, polepole, kama ananitua mimi.

"Lakini mwalimu alisoma," akasema wa Mueda. "Vino. Si nilisikia vino? Vino ni amekuja, yamekwisha. Si atakuja."

"Fisha ilitaka mtu aje," nikasema. "Mimi sikuwa na mtu."

Kuku wa jirani alipita katikati yetu. Nilijua nikiinua uso nitalia, basi nikaitazama ile mbuzi ya nazi, machicha yamekauka kwenye meno yake. Niliwaonea huruma wao zaidi kuliko mimi; walivyopendeza, walivyobeba mizigo jua lile.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa pua kwanza, kisha akakaa chini kabisa.

"Mimi nimemwacha mume wangu mgonjwa," akasema, "nimekuja kumsalimu mtu wa kwenye karatasi."

"Na mihogo imenivunja shingo," akasema mwingine. "Karatasi haili mihogo."

"Basi sisi tumekuja," shangazi akasema. "Tumekuja kweli, na tumeleta. Kuanzia leo ukikosa wa kuandika, utuandike sisi. Toa mikeka."

Nikatoa mikeka. Tukala wali na ule mchuzi wa karanga, wakanisema nimeitia chai sukari ya harusi, wakamtania wa Mueda kwamba bakuli lake ni zito kuliko kaka yake. Nilicheka nao. Lakini kila mara macho yao yalikwenda kwenye mlango wa chumba cha ndani, halafu yakarudi haraka. Walipoondoka shangazi alinishika bega kidogo. Waliacha bakuli, kwa kuwa mchuzi ulikuwa umebaki.

"Huo wa kesho," akasema wa Mueda. "Bakuli utaniletea."

Nyumba iliyokuwa kimya kila siku haikunishtua, niliizoea. Ile jioni, baada ya vicheko vile, ndipo nilipojua ukubwa wake. Nilikunja mikeka nikasikia mpaka maganda ya mihogo yakisogezwa na upepo.

Jumatatu nikaenda. Mama msimamizi alikuwa mfupi, nywele kazifunga, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Ofisi yake ilikuwa nusu ya kontena. Alinionyesha kiti, akanionyesha karatasi ya taarifa ya zamu, kisha akaniuliza polepole swali lile lile alilowauliza wote:

"¿Qué hizo usted ayer?"

Nilifanya nini jana. Nilikuwa nimejiandalia vyumba na mashuka ya uongo: nilifanya chumba cha nne, sikupata sabuni. Nilifungua mdomo vikakimbia vyote. Kilichokuwepo ni jana yenyewe. Mkono wangu ukatafuta ukingo wa meza, nikaanza, na kila kitenzi nikikigonga chini kwa kidole kidogo kidogo bila kutaka.

"Ayer vinieron mis compañeras a mi casa," nikasema. Jana wenzangu walikuja nyumbani kwangu. "Trajeron comida. Quisieron saludar a mi madre. No pudieron. Yo les dije: mi madre no vino." Walileta chakula. Walitaka kumsalimu mama yangu. Hawakuweza. Niliwaambia: mama yangu hakuja. Nikafikiri nimemaliza, nikaona haipendezi kuishia hapo, nikaongeza: "Hicimos té. Estuvimos juntas." Tuliandaa chai. Tulikuwa pamoja.

Trajeron niliitoa bila ile i, nakumbuka niliiona inadondoka.

Yule mama alivaa miwani akanitazama. Akauliza kitu ambacho sikukijua chote, lakini nilisikia madre na nilisikia dónde, wapi. Nikasema, "Mtwara." Akasema yake yuko mbali pia, akaonyesha kwa mkono juu ya paa la kontena, mbali kweli. Kisha akaandika jina langu.

Nilipata kazi. Na wa Mueda alipata. Tulirukaruka nyuma ya stoo ya darasa kama watoto, shangazi akatuambia tutavunja nyonga. Lakini zamu zilikuwa mbili, ya alfajiri na ya mchana, na sisi tukawekwa mmoja mmoja: yeye asubuhi, mimi mchana. Gari la wafanyakazi lililonileta mimi ndilo lililomchukua yeye, na kwa vile lilisimama getini na mlinzi alitaka watu waingie upande huu na watoke upande ule, siku nyingi tuliona migongo tu.

Jioni ile ile ya kupata kazi nilipanda mpaka pale juu karibu na mnara, ambapo simu hukamata mtandao wa Tanzania, nikampigia mama.

"Mama, nimepata."

"Alhamdulillahi." Nikamsikia anamwambia bibi, amepata, amepata. Bibi akapiga kigelegele kidogo cha mtu mgonjwa. "Mungu akuzidishie mwanangu. Sasa moyo wangu umetulia."

"Sasa mnakuja lini?"

"Tutakuja. Mfungo ukiisha nitakuja kutembea, nikuone."

"Kutembea?"

"Bibi hasafiriki, mwanangu. Na mdogo wako ameshaanza shule hapa, mwalimu wake anamsifu. Nilikuwa sipati usingizi kwa ajili yako tu. Nilikuwa nasema, akikosa kazi nitafanyaje, itabidi nirudi. Sasa una kazi. Umekuwa mtu mzima, naweza kukaa na mama yangu bila wasiwasi."

Nilikuwa na neno la kusema. Lilikuwa fupi, na lingemrudisha, nadhani. Lakini nilimsikia bibi nyuma akikohoa na mama akimwambia subiri, nakuja kukuinua. Nikasema, "Sawa mama. Msalimie."

"Unakula?"

"Nakula."

"Sauti yako imekonda," akasema.

Nilishuka nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile isiyopita barazani kwa watu. Sikulia sana. Nilimwelewa, hilo ndilo lililokuwa gumu. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Kazi niliyoitafuta ili arudi ndiyo iliyompa ruhusa ya kubaki. Nilifagia uwanja wa mbele kwa mazoea tu, jua likiwa linakuchwa, nikaacha nusu.

Siku zikaenda. Kazi niliipenda, sitasema uongo. Mashuka meupe, sabuni inayonukia ndimu, mafundi wakubwa wanaosema gracias kama watoto wa shule. Mchana nikifika nilikuta taarifa ya wa Mueda kwenye ubao wa kunasia karatasi, mwandiko wake mkubwa ulioinama. Hice la uno, la dos y la tres. No tuve toallas. El señor de la cinco no quiso. Le dije que bueno. Alifanya chumba cha kwanza, cha pili na cha tatu; hakupata taulo; bwana wa chumba cha tano hakutaka; akamwambia haya. Wakati mwingine tive ilimponyoka, akaikata, akaandika tuve juu yake, na mimi nikacheka peke yangu kwenye chumba cha mashuka. Ilikuwa ndiyo sauti yake niliyokuwa naipata. Na mimi niliandika ya kwangu, nikijua asubuhi ataisoma yeye kabla ya msimamizi.

Bakuli lake lilikuwa bado kwangu. Lilikaa kwenye kichanja jikoni, limeoshwa, limegeuzwa chini. Kila siku nilisema nitalipeleka, na kila siku niliona siwezi kulipeleka tupu. Chombo cha mtu kilichokuja na chakula hakirudi hewa. Na kupika kwa ajili ya mtu nilikuwa sijui tena nianzie wapi, sufuria zangu zilikuwa zimeshapata kipimo cha mtu mmoja.

Siku moja ya mapumziko ya Ijumaa mwanamke alipita na korosho mbichi kutoka mashamba ya ndani. Nikachukua, nikazichoma uani, nikazimenya moja moja hata vidole vikawa vyeusi. Nikakaanga na chumvi. Nilizitia kwenye bakuli zikafika nusu, nikachoma nyingine zikajaa.

Jumamosi nilikwenda nalo kazini, nimelipakata kwenye gari. Wenzangu wa zamu walikuwa wanapanga mashuka upande mwingine. Mwisho wa zamu nikabaki mimi kwenye chumba cha taarifa. Niliandika kama kawaida, vyumba vyangu vyote, sabuni iliyopungua, mgeni aliyesema kiyoyozi kinavuja. Nikaacha mstari mmoja mtupu. Chini yake nikaandika: Traje tu plato. Nilileta bakuli lako.

Nikaliweka bakuli kwenye rafu, chini ya ile karatasi, nikalifunika kwa kitambaa chake kile kile, nikakunja pembe ndani, zote nne, zisifunuliwe na upepo wa feni.